Pauni 100 za ovataimu, mfukoni 30 na kidogo

"Niko Leicester na mtoto mmoja, napokea Universal Credit, posho ya serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo. Nimeongeza saa, mshahara umepanda pauni 100, ila naona kama 30 tu. Zimekwenda wapi?"

Dada, hujaibiwa. Makato matatu yamepandana. Kwa kuwa mshahara wako umeshavuka pauni 12,570 kwa mwaka, kodi ya mapato inachukua 20 na bima ya taifa 8. Zinabaki 72. Hapo ndipo Universal Credit inapopunguzwa senti 55 kwa kila pauni iliyokufikia mkononi, yaani 39.60. Unabakiwa na 32.40. Kwa hiyo kila pauni ya nyongeza inakatwa karibu asilimia 68, wakati tajiri mwenye mshahara mkubwa kabisa anakatwa 47. Mimi naona huu ni uonevu, maana nauli bado hujatoa.

Kama halmashauri yako inakupunguzia kodi yake, yaani council tax, msamaha huo nao huenda ukashuka, na kila halmashauri ina kanuni zake.

Linganisha hati ya mshahara na taarifa ya malipo kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Posho hukatwa kwenye malipo yanayofuata, ndiyo maana mwanzoni ulidhani pesa imeingia yote.

Uliza pia kuhusu pensheni ya kazini. Ukichangia 100 zaidi kabla ya kodi kukatwa, kodi inapungua 20 na posho inapanda 44, hivyo mchango huo unakugharimu 36 tu.