Kufungua mdahalo chuoni

"Jumamosi naongoza mdahalo chuoni kwetu, Moshi. Nianzie wapi: timu, mada au kanuni?"

Mdogo wangu, anza na mada. Isome mara mbili, neno kwa neno, kisha nyamaza kidogo. Tuseme ni hii: "Bunge hili lingepiga marufuku bodaboda katikati ya mji wa Moshi." Usieleze "katikati ya mji" ni wapi. Kuifafanua mada ni kazi ya msemaji wa kwanza wa watetezi. Mimi niliwahi kutaja stendi na soko, wapinzani wakalalamika kwamba nimewachorea wenzao mipaka. Walikuwa sahihi.

Timu ni haraka: upande, majina, nani anaanza. Sifa ziwe sawa au zisiwepo.

Kwenye kanuni, eleza kengele, maana ukumbi utazisikia. Kama hotuba ni dakika 7, kengele moja hulia dakika ya 1 na ya 6. Katikati yake mpinzani anaweza kusimama na kuomba kuuliza, na msemaji ana haki ya kumkatalia. Kengele mbili hulia dakika ya 7. Mwambie mtunza muda azigonge hapo hapo, watu wazisikie.