Nguvu iko kwenye punje, si kwenye mchuzi

*Swali: Mtaalamu, mwanangu ana miaka 8, kilo 23, yuko darasa la tatu hapa Busia. Nyama tunaonja Jumapili tu. Siku nyingine ni posho na maharage, na huwa namzidishia mchuzi ili apate nguvu. Kijana anayeuza unga wa kopo ameniambia mtoto amekosa protini. Kopo ni gramu 400, shilingi 50,000, na limeandikwa protini gramu 15 kwa kila gramu 100. Ninunue? – Mama wa watatu*

Usinunue, mama. Hilo kopo nitalirudia, lakini kwanza kuna neno umelipitia haraka: "namzidishia mchuzi". Hapo ndipo ningependa tukae, kwa sababu karibu kila siku ya kliniki nalisikia. Nikimuuliza mzazi mtoto amekula nini jana, ananijibu maharage. Nikimwomba anichoree sahani ilivyokuwa, naona mlima wa posho, mchuzi mwekundu umeuzunguka, na punje sita au saba zinaelea. Mtoto huyo hakula maharage. Amekula posho iliyolowa.

Protini ya maharage hukaa ndani ya punje. Maji ya kuchemshia hubeba rangi, chumvi, ladha ya kitunguu na protini kidogo sana. Supu ya nyama nayo ni hivyo hivyo. Ukichemsha mfupa mchana kutwa utapata gelatini, ile inayogandisha supu ikipoa, na gelatini peke yake haijengi mwili wa mtoto kwa sababu haina baadhi ya viungo vya protini vinavyohitajika. Ndiyo maana inaniuma nikiona nyumba ambayo wakubwa wanagawana vipande, kisha watoto wanapewa supu kwa imani kwamba wamepewa kilicho bora. Anayekua ndiye aliyenyimwa, na aliyemnyima alidhani anamwonea huruma.

Tumpigie hesabu mwanao. Mtoto wa umri wake anahitaji karibu gramu 0.95 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 23 ni kama gramu 22. Kwa kuwa chakula chenu kingi ni nafaka na mikunde, ambayo tumbo halichukui protini yake yote, tuweke lengo la gramu 26 hivi.

Asubuhi, uji wa unga wa mahindi gramu 40 unampa gramu 3. Posho ya mchana, unga gramu 120, gramu 9. Posho ya usiku, gramu 100, gramu 8 hivi. Jumla ni 20 kabla ya mboga yoyote, na mtu anaweza kusema basi amebakiza kidogo tu. Hapana. Protini ya mahindi ina upungufu wa kiungo kinachoitwa laisini. Fikiria fundi anayeshona mashati ya shule: ana kitambaa cha mashati kumi, lakini vifungo vinatosha mashati matano. Atashona matano, na kitambaa kilichobaki hakimsaidii kitu. Ndivyo mwili unavyofanya na posho tupu.

Vifungo viko kwenye maharage. Yana laisini kwa wingi, na kile ambacho maharage yamepungukiwa, mahindi yanacho. Kwa hiyo punje za maharage haziongezi gramu zake tu. Zinaifanya na ile posho iliyokwisha kuliwa itumike vizuri zaidi. Mpe nusu kikombe cha chai cha punje zilizoiva, umechuja mchuzi pembeni, ni gramu 7 au 8. Usiku, badala ya kurudia maharage, pika mchuzi wa karanga zilizosagwa. Gramu 25 za karanga kwa mtoto mmoja zina gramu 6. Sasa umefika zaidi ya 30, na hujagusa nyama wala kopo.

Nyinyi wa Busia ziwa mnalo karibu, kwa hiyo mna mukene pia. Gramu 10 za mukene mkavu, konzi ndogo tu, zina karibu gramu 6 za protini, sawa na yai moja. Zioshe vizuri zitoke mchanga, zikaange kidogo, zitwange, kisha zitie kwenye mchuzi wa karanga. Asiyependa macho ya samaki hatayaona. Na hapo mchuzi una thamani kweli, kwa sababu kilicho ndani yake kinaliwa chote.

Kwa mboga nina ombi moja: pakua kwa kijiko chenye matundu. Punje zitangulie kwenye sahani ya mtoto, mchuzi ufuate. Zikiwa ngumu ataziacha, basi loweka maharage usiku kucha na uyapike hadi yapondeke kwa vidole. Siku za matoke au muhogo ongeza punje zaidi, maana matoke yana gramu moja tu na kidogo kwa kila gramu 100, na muhogo haujapishana nayo sana.

Uliza pia anakula nini shuleni. Mtoto anayetoka na uji saa moja asubuhi na kula tena jioni, mwili wake huichoma protini kama kuni kwa sababu nishati haitoshi. Kuna wakati hata sisi wataalamu tulikosea hapa. Watoto waliodhoofu walihesabiwa kuwa wamekosa protini tu, mpaka mwaka 1974 daktari Donald McLaren alipoandika waziwazi katika jarida la Lancet kwamba njia hiyo imepotoka. Wengi walikosa chakula cha kutosha, siyo kitu kimoja. Anayemtazama mtoto sokoni na kutamka "amekosa protini" hajapima chochote. Kilo 23 kwa miaka 8 si uzito wa kutisha. Mpime tena baada ya miezi sita. Akiongezeka kilo moja au zaidi na urefu unapanda, anakua. Miguu ikivimba, nywele zikififia rangi au ngozi ikibanduka, hapo ni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa kopo. Gramu 15 kwa 100, mara nne, ni gramu 60 za protini kwenye kopo zima. Maharage makavu yana gramu 22 hivi kwa 100, kwa hiyo gramu 275 za maharage, hata theluthi ya kilo hazifiki, zinabeba kiasi hicho hicho. Linganisha na bei ya maharage sokoni kwenu, uone hizo 50,000 zinanunua nini.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaosaga kila kitu pamoja, mahindi, soya, karanga na mukene, wakafunga kwenye mfuko usio na jina wala tarehe na kuuita unga wa lishe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa, inaharibu ulichokinunulia. Mafuta ya karanga na samaki huchacha upesi yakishasagwa. Na karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu, inayoharibu ini na isiyoisha kwa kupikwa. Zikiwa punje unaziona na kuzitupa, zikiwa unga huzioni tena. Nunua karanga nzima, chambua zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, saga za siku mbili tatu.