Saa saba usiku ya Ijumaa ni ya lini?

"Wakuu, Kiswahili nimejifunza ukubwani na sasa niko Kampala kikazi. Mchana nakata au naongeza sita, napatia. Usiku najichanganya kabisa, na tarehe ndiyo inanimaliza. Wenyeji mnafanyaje?"

Acha kukata na kuongeza. Hesabu ya Kiswahili ina kumi na mbili mbili. Ya mchana inaanzia 6:00, ya usiku inaanzia 18:00. Basi saa ya mchana jumlisha na 6, saa ya usiku jumlisha na 18, ukipita 24 toa 24. Saa tatu asubuhi ni 6 na 3, yaani 9:00. Saa tatu usiku ni 18 na 3, yaani 21:00. Saa sita usiku inatoa 24 kamili, ambayo simu inaiandika 00:00. Saa saba usiku ni 25, toa 24, ni 01:00.

Dakika haziguswi. "Kasorobo" tu ndiyo huwateleza watu: saa nne kasorobo usiku, kwanza pata 22:00, kisha rudi nyuma robo saa, ni 21:45.

Kuna moja inayowasumbua hata waliozaliwa nayo: saa kumi na mbili asubuhi. Tunaiita asubuhi, lakini kihesabu ndiyo saa ya mwisho ya usiku. 18 na 12 ni 30, toa 24, ni 6:00. Ukiijumlisha na 6 utajikuta umepanga kikao cha 18:00.

Sasa tarehe, maana hapo ndipo mimi nililipa ada. Nilikuwa nachukua mzigo soko la Kikuubo hapa Kampala na kuupeleka Nairobi, nikakata tiketi ya basi la usiku. Karani akaniambia, "Saa saba usiku, Ijumaa." Tiketi yenyewe iliandikwa 01:00, tarehe 14, na kweli tarehe 14 ilikuwa Ijumaa. Nikaiweka mfukoni bila kuisoma mara ya pili. Kichwani mwangu Ijumaa usiku ni pale Ijumaa inapoingia giza, kwa hiyo nikafanya kazi siku nzima, nikala, nikafika kituoni saa tano usiku nikijiona nimewahi. Karani akaiangalia tiketi, akaniangalia mimi. "Ssebo, basi lako lilishafika Nairobi leo mchana." Lilikuwa limeondoka saa ishirini na mbili kabla, usiku ule nilipokuwa nimelala.

Hakuna aliyedanganya. Tarehe ya Kizungu hubadilika saa sita usiku, katikati kabisa ya usiku wetu. Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, simu bado ina tarehe ya mchana uliopita. Kuanzia saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi ina tarehe ya mchana unaokuja. Usiku ni mmoja, tarehe mbili. Na ukiongea na mtu wa pwani aliyezoea hesabu ya zamani, kwake siku huanza jua likizama, hivyo "usiku wa Ijumaa" unaweza kuwa Alhamisi baada ya magharibi. Tangu siku ile siulizi "Ijumaa saa ngapi". Nauliza, "Ni usiku wa kuamkia lini?" Jibu likiwa "kuamkia Ijumaa", Alhamisi jioni nafunga begi.

Kwa hapa Uganda zingatia pia lugha ya namba. Waganda nao huhesabu hivi hivi kwa Kiganda, ssaawa emu ya asubuhi ni 7:00, kwa hiyo hapo hamtapishana. Lakini mtu huyohuyo akitaja namba kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, amehamia saa za Kizungu, usimjumlishie kitu.

Mwisho, usiitafute saa kwa jua. Watu husema tunahesabu tangu jua kuchomoza, na asili yake ni hiyo, ila siku hizi ni tofauti ya saa sita tu, haisogei. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi Kampala tuko kama nyuzi 32 na nusu. Kila nyuzi ni dakika nne, kwa hiyo jua letu limechelewa dakika hamsini hivi, na huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Ukiambiwa gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, toka nyumbani na tochi.