Vibanda vingapi uwanjani?

"Uwanja ni mita 30 kwa 20, vibanda mita 3 kwa 3. Si vitaingia 66?"

Hapana ndugu, hesabu 32. Kwanza chora njia ya zimamoto ya mita 4 katikati, kwa urefu. Kila upande zinabaki mita 8: safu ya mita 3, njia ya watu mita 2, safu nyingine mita 3. Kwenye ile 30, toa mita 3 za kukatiza katikati na 1.5 kila mwisho. Zinabaki 24, yaani vibanda 8 kwa safu, safu nne.

Kinachoharibu ni meza zinazosogezwa mbele na kamba za turubai, hivyo piga mstari wa rangi chini. Upana na kona za gari wathibitishe zimamoto kabla hujagawa nafasi.