Kumtambulisha kocha mstarini

"Ijumaa kocha wa mpira anakuja kuongea na wanafunzi mstarini. Wengi wao mpira wanaupenda kuliko darasa. Mimi ndiye wa kumtambulisha, niseme nini?"

Mwalimu mwenzangu, sema kidogo. Dakika mbili zinatosha, maana watoto wamesimama juani. Orodha ya vyeti na timu alizofundisha iache, na usianze na "mpira bila shule ni bure". Ukisema hivyo, wale unaowalenga wameshaziba masikio kabla kocha hajafungua mdomo.

Mpigie simu mapema umuulize: kazini kwako, hesabu unaitumia wapi? Mimi niliyemuuliza alinijibu kwamba anaitumia kuchora kona ya uwanja. Anachukua kamba ya mita 12, anaunganisha ncha zake, anatia alama kwenye fundo, kwenye mita 3 na kwenye mita 7. Wanafunzi watatu wanashika alama hizo na kuivuta ikaze. Pembe ya kwenye mita 3 inakuwa ya nyuzi 90 kamili, kwa sababu pande ni 3, 4 na 5. Ndiyo Pithagorasi ile ile wanayoikimbia darasani.

Basi nilisimama na kamba mkononi: "Wanangu, nani anaweza kuchora kona ya uwanja bila kupinda? Huyu kocha anaweza, na atawaonyesha." Nikakaa.

Wa kushika kamba wachague wale watoro wa kipindi cha hesabu, ila usiwaambie kwa nini umewachagua.