Begi halijafika, lakini usiandike "limepotea"

"Begi langu halikutokea JKIA, leo siku ya 9. Nimeandikia shirika la ndege barua, 'mmepoteza begi langu, nilipeni', kaka anaitafsiri kwa Kiingereza rasmi. Iko sawa?"

Rekebisha Kiswahili kwanza, kaka asubiri kidogo. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, begi huhesabiwa limepotea shirika likikiri, au siku 21 zikipita tangu siku lilipopaswa kufika. Kwa hiyo sasa andika "limechelewa, halijanifikia", na udai pesa za vitu ulivyolazimika kununua. Ukidai thamani ya begi zima leo, watakujibu tu kwamba bado wanatafuta.

Kuna aliyekushauri usubiri hizo siku 21 ndipo uandike; amepatia nusu: dai la begi lingoje, la gharama lisingoje.

Namba ya faili iliyo kwenye karatasi ya dawati la mizigo iwe mstari wa kwanza. Zile "natumaini hamjambo" kaka azikate, kwa Kiingereza zinapoteza nafasi bure.

Na risiti! Mimi nilinunua shati na viatu Gikomba, sikupewa risiti, shirika likakataa kulipa. Ujumbe wa M-Pesa ungetosha? Aliyewahi kufaulu nao aseme.