Dizeli au petroli kwa safari fupi za Moshi mjini

"Naendesha kilomita nne tu kutoka Soweto hadi kazini. Ninunue gari la dizeli au la petroli?"

Ndugu, kwa mwendo huo nakushauri petroli. Dizeli ya kisasa ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ambacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na kilomita nne hazitoshi kulifikia. Gari langu la dizeli liliwasha taa ya kichujio mara kwa mara, kisha oili ikapanda juu ya alama ya stiki, kwa kuwa mafuta ya dizeli ya kuchomea masizi yalikuwa yakichanganyika nayo. Ukiona hivyo, usiendeshe; mwite fundi mwenye mashine ya kupima. Kama tayari unayo dizeli, iendeshe barabara ya Arusha kila wiki, dakika 20 bila kusimama.